Mizani Husoma Gramu: Mpaka kati ya Matokeo na Tafsiri katika Ripoti ya Maabara

Kila aliyefanya mtihani wa kemia kwa vitendo nchini Tanzania analijua jedwali la kuchambua chumvi. Lina safu ya jaribio, safu ya kilichoonekana, na safu ya kinachofahamika kutokana na kilichoonekana. Mwanafunzi anadondosha hidroksidi ya sodiamu kwenye myeyusho wa chumvi asiyoijua, mashapo meupe yanatokea, anaongeza hidroksidi zaidi na mashapo yanayeyuka. Hayo anayaandika katika safu ya pili. Katika safu ya tatu anaandika kwamba huenda kuna ayoni za zinki, alumini au risasi. Akilitia neno zinki katika safu ya pili anapoteza alama, na sababu anaijua: macho yake hayakuona zinki, yaliona weupe uliotokea kisha ukapotea.

Jedwali hilo lina hekima yake. Mashapo yale yale yanaweza kutoka kwa ayoni tatu tofauti, na ni jaribio linalofuata, la amonia, linaloanza kuzitenga: yale ya zinki huyeyuka amonia inapozidi, ya alumini na ya risasi hubaki. Mwanafunzi aliyeandika zinki mapema hana tena sababu ya kuitazama amonia kwa makini. Aliyeandika weupe uliotokea na kupotea bado ana kazi mkononi.

Ajabu ni kwamba mwanafunzi huyo huyo, akiandika ripoti ya biolojia kwa maelezo marefu badala ya jedwali, anachanganya safu zote. Sehemu ya Matokeo inajaa maneno kama "kwa sababu", "hii inathibitisha" na "kama ilivyotarajiwa", na ikifika sehemu ya Mjadala hana jipya la kusema, anarudia yale yale kwa maneno mengine. Walimu wengi humwandikia pembeni "usitafsiri hapa" na kupita. Onyo hilo halimsaidii sana, kwa kuwa tofauti anaijua tayari. Anachokosa ni ile mistari miwili ya wima ya jedwali, na katika maelezo marefu inabidi mistari hiyo aichore mwenyewe ndani ya kila sentensi.

Jaribio la viazi na osmosisi linafaa kuonyesha jinsi hilo linavyofanyika, kwa kuwa ni la kawaida shuleni na halina kifaa cha ghali. Viazi mbatata hukatwa vipande vya umbo moja, vikapimwa kwenye mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Vipande vitatu vitatu hutumbukizwa katika maji yasiyo na sukari na katika myeyusho wa sukari wa ukolezi wa moli 0.2, 0.4, 0.6 na 0.8 kwa lita. Baada ya muda uliopangwa hutolewa, hufutwa majimaji ya nje kwa karatasi laini, hupimwa tena, na mabadiliko ya uzito huandikwa kwa asilimia ya uzito wa mwanzo.

Tuchukue ripoti ya mfano, yenye tarakimu zilizotungwa kwa ajili ya uchambuzi huu lakini za kiwango ambacho viazi huweza kutoa. Wastani wa mabadiliko ni ongezeko la asilimia 19.2 katika maji yasiyo na sukari, ongezeko la 4.0 katika ukolezi wa 0.2, upungufu wa 9.1 katika 0.4, upungufu wa 18.1 katika 0.6 na upungufu wa 21.1 katika 0.8. Chini ya jedwali lake mwanafunzi ameandika hivi:

"Matokeo yalithibitisha kwamba osmosisi ilitokea. Katika maji matupu, vipande vilinyonya maji kwa sababu seli zake zilikuwa na ukolezi mkubwa kuliko maji, kwa hiyo uzito uliongezeka sana. Katika sukari nyingi vipande vilipoteza maji, kama ilivyotarajiwa. Kipande kimoja cha 0.6 kilitoa jibu lisilo sahihi kwa sababu hakikukaushwa vizuri. Ukolezi wa utomvu wa seli za kiazi ni 0.26."

Kibiolojia aya hii haina kosa kubwa, na ndiyo maana inapita mbele ya macho mengi bila kusimamishwa. Kasoro yake inaonekana mtu akiiuliza kila sentensi swali moja: ni kifaa gani kilichosoma jambo hili? Sentensi ya kwanza haijibiki. Hakuna kifaa mezani kinachosoma osmosisi. Osmosisi ni maelezo ya kwa nini uzito ulibadilika, na mahali pake ni Mjadala.

Sentensi ya pili ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi. Mwalimu mwepesi atakata maneno "kwa sababu seli zake zilikuwa na ukolezi mkubwa" na kuliacha lile la "vilinyonya maji", akidhani kwamba hilo ni jambo lililoonekana. Halikuonekana. Mizani ilisoma gramu 2.50 kabla na 2.98 baada, na gramu hizo hazisemi ni za kitu gani. Katika maji yasiyo na sukari, ni kweli, hakuna kingine kingi cha kuingia. Lakini upande wa pili wa jedwali, katika myeyusho wa 0.8, mambo si mepesi hivyo: maji yanaweza kutoka huku sukari kiasi ikipenya kwenye nafasi zilizo kati ya seli na katika seli zilizokatwa na kisu, na mizani ikaonyesha jumla ya yote mawili. Upungufu wa asilimia 21.1 ni hesabu ya vilivyotoka ukitoa vilivyoingia.

Je, mwanafunzi anaweza kamwe kuandika "maji" katika Matokeo? Anaweza, ikiwa amepima. Angechukua vipande vingine vya kiazi hicho hicho ambavyo havikutumbukizwa, akavikausha katika tanuri la maabara mpaka uzito usipungue tena, na kufanya hivyo pia kwa vilivyotumbukizwa. Kama uzito mkavu, ukilinganishwa na uzito wa mwanzo wa kipande, unabaki ule ule kwa makundi yote mawili, basi kilichopungua ni maji, na sentensi hiyo inastahili kukaa katika Matokeo kwa kuwa sasa kuna kipimo nyuma yake. Hapo ndipo palipo mpaka wenyewe. Neno moja linaweza kuwa tafsiri katika ripoti moja na matokeo katika nyingine, na kinacholihamisha ni kazi iliyofanywa mezani.

Maneno "sana" na "kama ilivyotarajiwa" ni madogo, lakini nayo yanabeba hukumu. "Sana" inamnyima msomaji tarakimu na kumpa maoni mahali pake, "asilimia 19.2" inafanya kazi hiyo vizuri zaidi. "Kama ilivyotarajiwa" ni mlinganisho na dhana iliyotajwa katika Utangulizi, na mlinganisho huo ndio kazi ya kwanza ya Mjadala. Hatari yake ni kwamba mtu anayeandika akiwa na matarajio kichwani huacha kutaja kile ambacho hakikutarajiwa. Katika ripoti hii kuna jambo kama hilo, na aya ya mwanafunzi haikuligusa hata kidogo: kutoka 0.6 hadi 0.8 upungufu uliongezeka kwa pointi 3.0 tu, ilhali kati ya viwango vingine vinavyofuatana tofauti ni kati ya pointi 9.0 na 15.2. Mstari wa grafu unalala. Aliyekuja kuona osmosisi aliona osmosisi, akafunga daftari.

Kipande kile cha 0.6 kinahitaji kutazamwa peke yake. Vipande vitatu vya kundi hilo vilipoteza asilimia 20.4, 20.0 na 13.8. Kwamba cha tatu kiko mbali na wenzake ni matokeo, nayo yaandikwe. Kwamba jibu lake "si sahihi" ni hukumu. Na ile sababu, kwamba hakikukaushwa vizuri, inategemea kitu kimoja: daftari la maabara. Kama siku ya jaribio, kabla ya hesabu yoyote, iliandikwa kwamba kipande cha tatu kilipimwa kikiwa bado na majimaji ya nje, basi hilo ni jambo lililoonekana, na linaweza kutajwa katika Matokeo bila hofu. Kama sababu ilibuniwa baadaye, tarakimu ilipoonekana haipendezi, basi ni kisio. Kisio kinaruhusiwa katika Mjadala, kwa lugha ya "huenda". Kwenye Matokeo kinageuka kuwa kisingizio chenye sura ya ukweli.

Kwa hali yoyote ile, kipande hakiondolewi kimyakimya. Wastani wa vitatu ni upungufu wa 18.1, wa viwili vinavyokaribiana ni 20.2. Uamuzi huo unagusa umbo la grafu, kwa sababu kwa 20.2 mstari kati ya 0.6 na 0.8 unakaribia kulala kabisa. Msomaji aliyepewa tarakimu zote tatu anaweza kufanya uamuzi wake mwenyewe. Aliyepewa wastani mmoja uliosafishwa hana njia ya kurudi.

Inabaki sentensi ya mwisho, ile ya 0.26, nayo ndiyo inayowagawa walimu. Wapo wanaosema hesabu yoyote ni tafsiri na kwamba Matokeo ni tarakimu ghafi pekee. Msimamo huo haushikiki, kwa sababu hata asilimia ni hesabu, na bila asilimia vipande vya uzito tofauti havilinganishiki. Hesabu inayopanga upya kilichopimwa, kama wastani, asilimia au mstari wa grafu, ni ya Matokeo. Mstari unaounganisha 4.0 juu ya sifuri na 9.1 chini yake unakata mhimili karibu na moli 0.26 kwa lita, na yeyote mwenye rula atapata hapo hapo. Mpaka unavukwa pale namba hiyo inapopewa jina. Kusema kwamba 0.26 "ni ukolezi wa utomvu wa seli" ni kudai mambo kadhaa ambayo jaribio halikuyagusa: kwamba muda ulitosha vipande kufikia mahali pa kutobadilika tena, kwamba sukari haikupenya, na kwamba utomvu wenye chumvi na sukari za aina nyingi, ulio chini ya shinikizo la kuta za seli, unaweza kuelezwa kwa ukolezi wa sukari moja. Kinachoweza kudaiwa bila kutetereka ni kwamba karibu na ukolezi huo uzito ungebaki bila kubadilika.

Ripoti ile ile, ikiandikwa na mtu anayeuliza kifaa kabla ya kuandika, ingesomeka hivi:

"Wastani wa mabadiliko ya uzito ulishuka kutoka ongezeko la asilimia 19.2 katika maji yasiyo na sukari hadi upungufu wa asilimia 21.1 katika ukolezi wa moli 0.8 kwa lita (Jedwali 1, Mchoro 1). Uzito uliongezeka katika 0.0 na 0.2, na kupungua katika 0.4, 0.6 na 0.8. Tofauti kati ya 0.6 na 0.8 ilikuwa pointi 3.0, ndogo kuliko zote. Vipande vitatu vya 0.6 vilipoteza asilimia 20.4, 20.0 na 13.8, vyote vimo katika wastani. Mstari kati ya 0.2 na 0.4 ulikata sifuri karibu na 0.26. Vipande vya maji yasiyo na sukari vilikuwa vigumu kwa vidole, na vya 0.8 vilipindika bila kuvunjika."

Aya hii haina osmosisi hata mara moja, lakini si kimya. Inamwambia msomaji aangalie wapi: mwelekeo wa jumla, mahali ishara inapogeuka, mahali mstari unapolala, kipande kinachotofautiana. Hili linafaa kusemwa kwa nguvu, kwa maana wapo wanafunzi ambao, wakishaonywa wasitafsiri, hukimbilia upande wa pili na kuacha jedwali bila neno, wakiandika tu "matokeo yapo katika Jedwali 1". Kutaja mwelekeo si kutafsiri. "Uzito ulipungua kadiri ukolezi ulivyoongezeka" inasomeka moja kwa moja kwenye grafu, na kazi ya mwandishi ni kuisoma kwa sauti. Ugumu wa kipande kwa vidole nao ni matokeo halali ingawa hauna tarakimu. Vidole ni kifaa, mradi ripoti iseme kwamba vilitumika.

Mjadala sasa una chakula. Unaweza kueleza kwa osmosisi kwa nini ishara iligeuka, kujiuliza kama kulala kwa mstari kunatokana na seli kukaribia kikomo cha maji ya kupoteza au na kipande kimoja kilichopimwa kikiwa na majimaji, na kupendekeza ukolezi wa 0.7 na 1.0 upimwe ili kujua. Maswali hayo yalikuwa yamezikwa katika ripoti ya kwanza.

Kuna waliofanya utengano huu kwa jambo zito mno kuliko kiazi. Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson, wa maabara za kampuni ya simu ya Bell huko New Jersey, Marekani, walichapisha makala fupi katika jarida la astronomia la Astrophysical Journal. Antena yao yenye umbo la pembe ilipokea joto la ziada ambalo hawakuweza kuliondoa, hata baada ya kukagua viungo vyake na kuwaondoa njiwa waliokuwa wakikaa humo. Kichwa cha makala kilitaja kipimo cha joto la ziada la antena kwenye masafa ya megahezi 4080, basi. Ndani yake walieleza kwamba ziada hiyo ilikuwa kelvini 3.5, kukiwa na shaka ya kelvini 1.0 juu au chini, kwamba kwa kiwango cha usahihi wao ilikuwa sawa pande zote za anga, na kwamba haikubadilika kwa majira kuanzia Julai 1964 hadi Aprili 1965. Kuhusu maana yake waliandika tu kwamba maelezo yanayowezekana yamo katika barua nyingine ya toleo hilo hilo, iliyoandikwa na Robert Dicke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Princeton. Barua hiyo ndiyo iliyosema kwamba huenda ni mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu.

Wilson mwenyewe wakati huo alipendelea nadharia pinzani, ile ya ulimwengu usiobadilika, usiokuwa na mwanzo wa aina hiyo. Kama angelazimika kuitia tafsiri yake ndani ya kipimo, historia ingekuwa na sentensi ya kusahihisha. Kwa jinsi walivyoandika, hakuna cha kusahihisha: vipimo vya baadaye vya satelaiti viliweka joto hilo karibu na kelvini 2.7, ndani ya mipaka ya shaka waliyoitangaza, na mwaka 1978 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Utengano huu una wapinzani wenye hoja, nao wasikilizwe. Mwaka 1963 Peter Medawar, mwanabiolojia Mwingereza aliyekuwa tayari na Nobel, aliuliza katika hotuba ya redio ya BBC kama makala ya kisayansi ni udanganyifu. Alishikilia kwamba mpangilio wa kawaida unamwonyesha mtafiti kama mtu aliyekusanya ukweli bila wazo lolote kichwani kisha maana ikajitokeza yenyewe, ilhali wazo ndilo lililoamua kipimwe nini, na akapendekeza Mjadala utangulie. Ana haki katika jambo moja kubwa: viazi havikutumbukizwa katika sukari kwa bahati, na ukolezi wa 0.2 hadi 0.8 ulichaguliwa na mtu aliyeshuku kwamba ishara ingegeuka humo. Lakini jawabu la hoja yake liko katika Utangulizi, ambako dhana hutangazwa waziwazi kabla ya kipimo. Haliko katika kuiruhusu dhana hiyo ijipenyeze kwenye sentensi inayoripoti gramu.

Yapo pia majarida yanayounganisha Matokeo na Mjadala kuwa sehemu moja, hasa pale kila jaribio linapozaliwa na jibu la lililotangulia. Hata humo mwandishi mzuri hutenga kwa sentensi: kwanza kilichopimwa, kisha nukta, kisha maana yake. Mwanafunzi anayejua kufanya hivyo haathiriwi na vichwa vya sehemu.

Walimu wanaosahihisha ripoti hizi wangefaa kuacha kuandika "usitafsiri hapa" na badala yake wapigie mstari neno lenyewe lililovuka mpaka, kisha waulize pembeni ni kifaa gani kilichosoma hilo. Na wakate alama kwa uzito ule ule pale jedwali lilipoachwa bila maelezo, na pale kipande cha asilimia 13.8 kilipopotea njiani kutoka daftarini hadi kwenye ripoti.